Darasa la pili karibu wote wamejipa uso unaocheka. Tatizo ni rubriki au ni watoto?

#1 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Nafundisha la pili huku Chamwino, darasa moja lina watoto 90. Nimewatengenezea rubriki ili kila mmoja ajipime mwenyewe akimaliza kuandika sentensi tatu au kuchora picha. Ina nyuso tatu: anayecheka, aliyenuna na anayelia. Vigezo ni vinne: mwandiko safi, herufi kubwa na nukta, mawazo mazuri, picha nzuri. Mtoto anaweka vema chini ya uso mmoja kwa kila kigezo.

Matokeo yake karibu darasa zima limejipa kicheko mstari mzima, hata yule ambaye hana nukta hata moja kwenye daftari. Dai langu ni hili, mwenye hoja anipinge: mtoto wa miaka saba hawezi kujipima kwa haki, na kipindi cha dakika 30 kinaliwa bure.

#2 BabaWawili

Yaani mtoto ajisahihishe mwenyewe halafu hizo alama ziingie kwenye ripoti ya muhula? Wa kwangu angejipa mia kwa mia kila Ijumaa. Kusahihisha ni kazi ya mwalimu jamani.

#3 MkufunziMstaafu

Baba, hapo hujamwelewa mleta uzi. Hakuna alama inayoingia kwenye ripoti. Kujipima ni kwa ajili ya mtoto mwenyewe ajue arekebishe nini kabla daftari halijafika mezani kwa mwalimu. Mwalimu anabaki na kazi yake yote.

Sasa nije kwako ChakiNyeupe. Tatizo naliona kwenye karatasi yako, siyo kwa watoto. Umemwonyesha mtoto uso, naye amekujibu kuhusu uso. Ukimpa mtoto wa miaka saba uso unaocheka na uso unaolia, anaelewa unamuuliza anajisikiaje. Amemaliza kazi, amefurahi, anachagua kicheko. Amekujibu ukweli mtupu, ila kwa swali lingine.

La pili, angalia vigezo vyako. "Mawazo mazuri" mtoto anayaonea wapi kwenye daftari? "Mwandiko safi" unaanzia wapi na kuishia wapi? Kigezo cha umri huu lazima mtoto aweze kukigusa kwa kidole. Mwambie, "Nionyeshe." Akiweza kuweka kidole juu yake, hicho ni kigezo chake. Akianza kuangalia dari, hicho ni kigezo chako wewe mwalimu, kitoe kwenye karatasi yake. Katika vinne vyako kinachogusika ni kimoja tu, cha herufi kubwa na nukta, na hicho nacho umebana viwili ndani ya kimoja. Mwenye herufi kubwa lakini hana nukta aweke vema wapi?

#4 Zabibu_ya_Makutupora

Mkufunzi shikamoo. Nakubali kuhusu vigezo, ila kwenye nyuso nadhani sababu ni nyingine. Ni woga. Mtoto anajua uso unaolia ukionekana kwenye daftari nyumbani kuna maswali, na pengine kuna fimbo. Hata ukiondoa nyuso ukaweka nyota au rangi, atachagua ile anayodhani haitamletea matatizo.

Ukitaka kuhakikisha, wape wapime kazi ya mtoto ambaye hayupo. Andika ubaoni sentensi tatu za mtoto wa kubuni, weka makosa mawili, waambie wampime. Utashangaa wanavyokuwa wakali. Wakiyaona makosa ya mwingine na yao wasiyaone, basi macho yao ni mazima, wanachokosa ni usalama.

#5 MsomiWaUDOM

Kisaikolojia jambo hili liko wazi. Piaget alishasema mtoto chini ya miaka 11 hawezi kufikiri kuhusu kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo ChakiNyeupe yuko sahihi, subirini wafike la tano.

#6 MkufunziMstaafu

#5, umechukua nusu. Hiyo 11 ya Piaget ni ya kufikiri mambo yasiyoshikika, mtu kupima "ikiwa hivi basi vile" kichwani bila kitu mbele yake. Lakini kwenye mpangilio wake, kuanzia kama miaka 7 mtoto anaanza kupanga, kulinganisha na kuhesabu kwa mantiki vitu vilivyopo mbele yake. Hapo ndipo la pili walipo. Kwa hiyo hata ukimfuata Piaget jibu ni kumpa cha kugusa na kuhesabu, siyo kusubiri la tano.

Na #4, marahaba. Jaribio lako ni zuri, ila linaweza kusomeka kwa njia mbili. Mtoto anaposoma kazi ya mwenzake anasoma kilichoandikwa. Anaposoma ya kwake anasoma alichokusudia, maana sentensi bado iko kichwani, na nukta anaiona hata isipokuwepo. Watu wazima pia tunaruka makosa yetu wenyewe. Kwa hiyo huenda siyo woga.

#7 Zabibu_ya_Makutupora

Huenda vyote viwili. Sijakubali moja kwa moja.

#8 DawatiLaTatu

Mimi nina sababu ya tatu, nyepesi kuliko zenu. Kicheko kiko safu ya kwanza kushoto, sivyo? Watoto wanaanza kushoto, wanashuka chini, wamemaliza. Tena wamekaa watatu watatu kwenye dawati, mmoja akiweka vema wawili wanafuata. Mleta uzi, panga daftari kwa madawati halafu angalia. Ukikuta madawati mazima yamefanana alama kwa alama, hapo hujapima kujipima, umepima kuigana.

#9 ChakiNyeupe (mleta uzi)

#8, nimepanga sasa hivi. Kuna madawati yamefanana kabisa, lakini siyo yote. Kuna mtoto kajipa kilio peke yake mstari mzima na kazi yake ndiyo nzuri kuliko nyingi. Huyo mnamwelezaje?

#10 Zabibu_ya_Makutupora

Huyo si ajabu. Wapo wanaojilinganisha na mwenzao bora darasani au na kaka yake wa la nne. Ndiyo maana rubriki isiulize "nzuri kiasi gani". Iulize "ipo au haipo".

#11 Mama_Pili_Nkuhungu

Samahani niingilie, mimi ni mzazi. Mwanangu shuleni kwao wanatumia rangi: kijani, njano, nyekundu. Hataki kabisa kushika nyekundu, hata kwenye picha ya nyanya anapaka chungwa. Hii ni kawaida?

#12 MkufunziMstaafu

Mama Pili, ni kawaida na sababu iko darasani. Nyekundu ndiyo kalamu ya mwalimu ya kuweka kosa. Ukimwambia mtoto nyekundu maana yake "bado najifunza", yeye ameshajua kwa macho yake kwamba nyekundu maana yake umekosa. Darasa lenye kalamu nyekundu lisitumie nyekundu kwenye kujipima. Na kwa wengine, penseli za rangi tatu kwa kila mtoto kwenye darasa la 90 hazipo, tuwe wakweli.

#13 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Sawa Mkufunzi, umebomoa, sasa jenga. Nipe ya kuandika kwanza, ya kuchora baadaye. Na isiwe ya darasa la watoto 20.

#14 MkufunziMstaafu

Haya. Vigezo vitatu tu, majibu mawili tu: ipo au bado. Hakuna karatasi ya kudurufu. Mtoto akimaliza kuandika anachora viboksi vitatu chini ya kazi yake kwa rula. Ubaoni umechora viboksi hivyohivyo vikubwa na ndani yake alama, siyo maneno, kwa sababu baadhi yao bado hawasomi vizuri. Cha kwanza kina M kubwa. Cha pili kina doa jeusi, hiyo ni nukta. Cha tatu kina visoda vitatu.

Visoda ndiyo moyo wa jambo. Kabla ya kuandika, kila mtoto awe na visoda vitatu vya chupa mkononi. Anamwambia jirani yake sentensi ya kwanza kwa mdomo, anaweka kisoda kimoja juu ya dawati. Ya pili, kisoda cha pili. Ya tatu, cha tatu. Visoda vinabaki pale anapoandika. Akimaliza anahesabu nukta zake na kuzilinganisha na visoda. Visivyolingana, kuna sentensi haijafungwa.

Nikupe mfano. Mtoto kasema kwa mdomo: mbuzi wetu anaitwa Chausiku, analala kwenye banda, anakula majani ya mbuyu. Visoda vitatu. Daftarini kaandika hivi:

mbuzi wetu anaitwa Chausiku
analala kwenye banda. Anakula
majani ya mbuyu

Sasa unaongoza darasa zima kwa pamoja, kigezo kimoja kimoja. "Kila mtu kidole kwenye herufi ya kwanza kabisa. Ni kubwa?" Huyu anaona m ndogo. Anaacha kiboksi cha M wazi. "Sasa weka duara kwenye kila nukta. Hesabu." Ana moja. "Visoda vingapi?" Vitatu. Kiboksi cha visoda nacho kinabaki wazi. "Kidole kwenye neno la mwisho kabisa. Mbele yake kuna nukta?" Hakuna, na cha nukta kinabaki wazi. Hapo hakuna uso wala huzuni. Kuna nukta mbili zinazotafutwa, naye anajua ni mbili kwa sababu amehesabu.

Kisha hatua ambayo wengi wanairuka: arekebishe kitu kimoja, hapohapo, kabla ya kufunga daftari. Kimoja tu. Ukimwambia arekebishe vyote atafuta ukurasa mpaka utoboke. Kujipima kusikofuatwa na kurekebisha ni kuweka vema tu. Kuhesabu na kurekebisha kunachukua kama dakika kumi wakishazoea. Mara za mwanzo kutakula nusu kipindi, usishangae.

#15 DawatiLaTatu

Mkufunzi kaanza semina, leteni soda tupate na visoda.

Ila kwa dhati, kuongoza wote kwa pamoja kunamaliza kuigana. Kila mtu kidole chake kiko kwenye daftari lake, huwezi kuazima kidole cha jirani.

#16 MwandikoKongwa

Naunga mkono visoda. Nina nyongeza moja na sahihisho moja.

Sahihisho ni kwenye mfano wa #14. Jina Chausiku lina herufi kubwa katikati ya sentensi. Wako walimu wanaofundisha watoto kuhesabu herufi kubwa na kuzilinganisha na nukta, na ukifanya hivyo kwenye mfano huo mtoto anapata herufi kubwa mbili, C na A. Anaona "nina mbili, nimebakiza moja," wakati herufi kubwa za mwanzo wa sentensi anayo moja tu. Mkufunzi hakusema wahesabu, lakini watu wataiga wakakosea. Kwa wiki za mwanzo chagueni mada isiyo na majina ya watu wala mahali. "Mbuzi", "mvua", "chakula cha jioni". Majina yaje baadaye.

Nyongeza: msiwaambie watoto nukta inawekwa "pale unapopumzika". Wengi wao wanavuta pumzi mwisho wa mstari wa daftari, kwa hiyo wanaweka nukta mwisho wa kila mstari. Ukiona daftari lina nukta zote zimepangana ukingo wa kulia kama safu ya sungusungu, jua kosa ni maelekezo ya pumzi. Na kama sentensi tatu zimeangukia mistari mitatu, visoda vitalingana na utadhani ameelewa. Mpe daftari lenye mistari mifupi au sentensi ndefu kidogo, ukweli utajitokeza.

#17 MkufunziMstaafu

Sahihisho nimelipokea, mwalimu. Ndiyo maana nikasema kidole kwenye herufi ya kwanza na siyo hesabu, lakini jina kwenye mfano wa kuanzia halifai. Wekeni "mbuzi wetu ni mweupe".

#18 BintiKondoa

Mbona hakuna mtu anayetaja nafasi kati ya maneno? Kwenye rubriki nyingi kipo: "nimeacha nafasi ya kidole kimoja". Kinagusika, kinapimika kwa kidole chenyewe. Kiwekwe kiwe cha nne.

#19 MwandikoKongwa

BintiKondoa, hicho ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Kwa Kiswahili kina mtego.

Watoto wetu wanafundishwa kusoma kwa silabi: ba be bi bo bu, halafu ma-ma, ba-ba. Mtoto wa la kwanza na la pili akiandika "anakula", wengi wanaandika "ana kula" au hata "a na ku la". Akipima kwa kidole, kila nafasi ni kidole kimoja sawasawa. Anajipa vema. Na kwa kigezo ulichomwandikia amestahili, maana hakuna palipoandikwa neno linaishia wapi. Mwingine anaandika "nababa" kwa sababu kwa mdomo "na" imeshikana na neno linalofuata. Naye hajui kuna nafasi inayokosekana.

Kwa hiyo kinagusika ndiyo, lakini mtoto anagusa kitu kisicho sahihi. Kigezo kinamthibitishia kosa.

#20 BintiKondoa

Basi wapige makofi kwa kila neno kabla ya kuandika.

#21 MwandikoKongwa

Makofi yanaleta silabi tena. Watoto wamezoea kupiga makofi kwa silabi tangu awali, ukimwambia apigie makofi "anakula" atapiga manne.

#22 Zabibu_ya_Makutupora

Kadi za maneno zinasaidia. Kata manila vipande, kila kipande neno moja, watoto wawili wapange sentensi juu ya dawati kabla ya kuandika. Wanaona "anakula" ni kadi moja. Kisha wanahesabu kadi na kuhesabu maneno daftarini.

#23 MwandikoKongwa

Kwa sentensi uliyoitunga wewe mwalimu, sawa kabisa. Lakini hapa mtoto anatunga yake. Nani atamkatia kadi za sentensi yake, watoto 90? Mimi nakitoa kigezo cha nafasi kwa mtoto kabisa, nakibakiza kwa mwalimu mpaka katikati ya la pili.

#24 BintiKondoa

Ukikitoa hawatakitilia maanani. Kinachopimwa ndicho kinachofanywa. Mimi nitakiacha, ila nipime maneno matatu tu ambayo nimeyaandika ubaoni: anakula, anacheza, nyumbani. Kama ameyatumia, aangalie yameshikana kama ya ubaoni.

#25 MkufunziMstaafu

Wazo la maneno matatu ya ubaoni si baya, maana linampa mtoto kitu cha kulinganisha nacho. Lakini #23 naye ana hoja. Mimi pia bado sijaona namna safi ya kumfanya mtoto ajipimie mpaka wa neno.

#26 MsomiWaUDOM

Nimekubali la Piaget. Lakini mnasemaje kuhusu ngazi? Rubriki halisi ina ngazi tatu au nne. "Ipo au bado" ni orodha ya kuhakiki tu, siyo rubriki.

#27 MkufunziMstaafu

Hapo uko sahihi, kwa maana kamili rubriki ina ngazi. Na unaweza kuzifikia, ila usianze nazo wala usizieleze kwa maneno. "Nimejitahidi kiasi" na "nimejitahidi sana" mtoto wa miaka saba hazitofautishi. Bandika mifano. Chukua manila moja, bandika kazi tatu ulizoandika mwenyewe kwa mwandiko wa kitoto kuhusu mada ileile. Ya kwanza ina sentensi moja: "Mbuzi anakula." Ya pili ina mbili: "Mbuzi wetu ni mweupe. Anakula majani." Ya tatu inaongeza kwa nini au wapi: "Mbuzi wetu ni mweupe. Anakula majani ya mbuyu kwa sababu nyasi zimekauka." Mtoto anapeleka daftari kwenye manila, au manila inapitishwa, anasema yake inafanana na ipi. Ngazi iko kwenye macho yake.

Usitumie kazi ya mtoto wa darasani kama mfano wa chini. Hata ukificha jina, wenzake wanaujua mwandiko.

#28 DawatiLaTatu

Kuna wanaoziita mbegu, chipukizi, mti. Inapendeza ukutani, ila wote wanataka kuwa mti. Tumerudi kwenye kicheko.

#29 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Sawa, ya kuandika nimeipata. Kuchora je? Kigezo changu kilikuwa "picha nzuri", najua mtanicheka.

#30 SanaaBahi

Hakuna wa kukucheka, mkuu, ni kigezo kinachoandikwa sana. Lakini kabla ya kuandika kigezo cha kuchora lazima mwalimu ajue mtoto wa umri huo anachoraje. Viktor Lowenfeld alilieleza mwaka 1947, na ukifungua daftari lolote la la pili utaliona. Kuanzia kama miaka 7 hadi 9 mtoto anachora mstari wa ardhi chini ya karatasi, vitu vyote vinasimama juu yake. Anga ni utepe wa bluu juu kabisa na katikati ni peupe. Kilicho muhimu kwake kinakuwa kikubwa: mbuzi anaweza kuzidi nyumba. Na anachora vilivyo ndani ya nyumba kana kwamba ukuta ni kioo, unaona sufuria na kitanda.

Hayo siyo makosa. Kwa hiyo vigezo kama "nimechora kwa ukubwa sahihi" au "picha inafanana na kitu halisi" vinamhukumu mtoto kwa umri wake. Hawezi kuvifikia, atajipa "bado" mwaka mzima, halafu ataanza kunakili picha za vitabuni.

Uliza picha inasema nini. Maswali matatu, na kwa kila moja mtoto aweke kidole: ni nani yuko kwenye picha? Yuko wapi? Anafanya nini? Mtoto kachora mbuzi na mbuyu. Nani: anagusa mbuzi, ipo. Wapi: anagusa mbuyu na mstari wa ardhi, ipo. Anafanya nini: mbuzi amesimama tu, mdomo umefungwa, ubavu umetuangalia. Hapo kidole hakina pa kwenda. Bado. Anarudi anachora jani mdomoni au shingo imeinama. Hilo ni rekebisho moja, kama #14 alivyosema, na ni la kuchora kweli, siyo kupaka rangi zaidi.

#31 Mama_Pili_Nkuhungu

Mwanangu yeye anajaza jua manne na maua mengi mpaka karatasi haionekani. Ni kipaji au?

#32 SanaaBahi

Mama Pili, uliza kama shuleni kuna kigezo cha "nimejaza karatasi" au "nimechora vitu vitano". Mara nyingi ndicho kinachozaa jua manne. Mtoto anatafuta hesabu itimie kwa kitu rahisi kuliko vyote. Nia ya mwalimu ni nzuri, kwa sababu kuna watoto wanaochora mtu mdogo kama mchwa kwenye kona. Lakini kwa huyo wa kona kuna dawa bora: aweke kiganja chake juu ya karatasi, na mhusika mkuu awe walau na ukubwa wa kiganja. Anapima kwa mkono wake, na hapati faida kwa kuongeza maua.

#33 MsomiWaUDOM

Na rangi je? Kigezo cha rangi kisiwepo?

#34 SanaaBahi

Mimi siweki. Darasani mwenye penseli 12 za rangi na mwenye penseli ya risasi tupu wanapimwa kwa mfuko wa wazazi wao.

#35 Zabibu_ya_Makutupora

Hapo nakupinga kidogo mkuu. Mkaa upo, udongo mwekundu wa hapa kwetu unatia rangi nzuri, majani ukiyasugua yanatoa kijani. Rangi siyo lazima inunuliwe.

#36 SanaaBahi

Udongo sawa, karibuni Bahi mchote. Kigezo bado sikiweki.

#37 BabaWawili

Sasa nimeelewa, nifute ya #2. Swali moja: mwalimu atajuaje kama mtoto kajaza viboksi kwa ukweli kwenye watoto 90?

#38 MkufunziMstaafu

Usifute baba, swali lako ndilo limetufanya tufafanue. Mwalimu asikague wote kila siku. Achague watoto sita kwa siku, aketi na kila mmoja dakika moja, aseme "nionyeshe" kwa kila kiboksi chenye vema. Darasa la 90 linaisha ndani ya siku 15 za shule, yaani wiki tatu. Anachoandika kwenye daftari lake siyo alama ya kazi. Anaandika kama kidole kilienda mahali sahihi. Mtoto ambaye nukta hana lakini amejipa vema, na ukimwambia nionyeshe anagusa doa la uchafu, huyo hadanganyi. Hajui nukta ni nini, anarudi kufundishwa. Mtoto anayecheka na kufuta vema yake kabla hujamaliza kuuliza, huyo anajua, aliharakisha.

#39 DawatiLaTatu

Kwa wenye shida ya kuchora viboksi kila siku: chukua soli ya kandambili iliyochakaa, ichonge kwa wembe viboksi vitatu, gonga kwenye wino wa mhuri, daftari 90 zinaisha wakati wanafunzi wako mapumziko. M na nukta hata zikigeuka zinabaki vilevile.

#40 MwandikoKongwa

Herufi zinabaki, mpangilio haubaki. Ukichonga M kushoto itatoka kulia. Chonga kinyumenyume, visoda vianze, nukta katikati, M mwisho.

#41 DawatiLaTatu

Nimeelewa, na wa kwangu nilishauchonga. Asante mwalimu.

#42 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Asanteni wote. Naanza Jumatatu na visoda, mada "mvua", bila jina la mtu. Nyuso nazitoa. Nafasi kati ya maneno nitafanya alivyosema BintiKondoa, maneno matatu ubaoni, ingawa #23 hajakubali. Nimebakiwa na yule mtoto wa #9 aliyejipa kilio na kazi yake ni nzuri. Kwa viboksi atapata vema zote tatu. Je, atakubali kuziweka?

#43 Zabibu_ya_Makutupora

Awe kati ya sita wa siku ya kwanza. Usimwambie kazi yake ni nzuri. Mwambie "nionyeshe nukta" tatu zote, kisha mwulize mwenyewe kiboksi kijazwe au kisijazwe. Akikataa bado, tuletee hapa tujue alisema nini.

#44 MwandikoKongwa

Na uangalie kama hajaweka nukta mwisho wa kila mstari.